Alama ya kujipima iingie wapi? Njia tatu za kupanga jedwali la tathmini ya watumishi

Anayetengeneza jedwali la tathmini ya utendaji kazi hukwama karibu kila mara mahali pamoja. Vigezo vimeshakubaliwa, uzito wa kila kigezo umepangwa, meneja ana safu yake na mtumishi ana safu yake ya kujipima. Sasa safu hizi mbili zikutane vipi ili itoke alama moja ya jumla na daraja moja?

Njia zinazotumika ni tatu. Ya kwanza, alama ya meneja peke yake ndiyo inayohesabiwa, na ya mtumishi husomwa tu wakati wa mazungumzo. Ya pili, alama zote mbili huchanganywa kwa asilimia, mara nyingi 80 kwa 20 au 70 kwa 30. Ya tatu, wawili hao huketi na kukubaliana pale walipotofautiana sana, na alama waliyokubaliana ndiyo inayoingia kwenye hesabu.

Nitazipima zote kwa mambo manne: alama inafuata kazi iliyofanyika au inafuata tabia ya mtu anapojipima, daraja linabadilika kwa nani, jedwali lenyewe linadai nini na huharibikia wapi, na njia hiyo inamfaa nani.

## Watumishi wawili wa mfano

Tuchukue kipimo cha 1 hadi 5 na vigezo vinne. Mtumishi A ni mtu anayejipunja. Mtumishi B anajiona yuko juu.

| Kigezo | Uzito | A: meneja | A: mwenyewe | B: meneja | B: mwenyewe |
|---|---|---|---|---|---|
| Malengo ya mwaka | 40% | 4 | 3 | 3 | 5 |
| Ubora wa kazi | 30% | 4 | 3 | 3 | 4 |
| Ushirikiano | 20% | 3 | 3 | 4 | 5 |
| Kutunza muda | 10% | 4 | 4 | 4 | 4 |
| Jumla | 100% | 3.8 | 3.1 | 3.3 | 4.6 |

Madaraja ni matano: chini ya 1.5 ni Hafifu, kuanzia 1.5 ni Chini ya wastani, kuanzia 2.5 ni Wastani, kuanzia 3.5 ni Vizuri, na kuanzia 4.5 ni Bora sana. Mpaka wa kuuangalia hapa ni 3.5, maana A na B wako pande zake mbili.

## Msingi ambao njia zote hutumia

Kila mtumishi awe na karatasi yake ndani ya faili. Safu B iwe uzito, C alama za meneja, D alama za kujipima, mistari ya 2 hadi 5, na jumla zikae mstari wa 6. Watu wengi huandika `SUMPRODUCT` ya uzito na alama wakaishia hapo. Inafanya kazi mpaka siku kigezo kimoja kisipomhusu mtu. Tuseme A hufanya kazi peke yake na meneja ameacha Ushirikiano wazi. Seli tupu huhesabiwa kama sifuri, na jumla ya A inashuka kutoka 3.8 hadi 3.2. Ameangukia Wastani bila kosa lolote. Dawa ni kugawanya kwa uzito wa vigezo vilivyopimwa tu:

```
=SUMPRODUCT($B2:$B5,C2:C5)/SUMIF(C2:C5,">0",$B2:$B5)
```

Sasa 3.2 inagawanywa kwa 0.8 na A anapata 4.0. Fomula hiyo ikinakiliwa kwenda D6 inatoa jumla ya kujipima. Kumbuka tu kwamba inasamehe seli tupu zote, hata ile ambayo meneja ameisahau. Kwa hiyo aandike mahali kwamba kigezo hakimhusu mtumishi, la sivyo hutajua kipi ni kipi.

Hatari nyingine ni alama iliyoingia kama maandishi, kwa mfano 4 iliyonakiliwa kutoka faili nyingine. Machoni ni nne, ila fomula inaichukulia kama haipo na haitoi onyo. Weka orodha ya kuchagua 1 hadi 5 kwenye seli zote za alama, alama zichaguliwe humo badala ya kubandikwa, kisha ufunge seli nyingine zote.

Daraja lisomwe kutoka jedwali dogo pembeni, si kutoka mlolongo wa `IF` tano zilizobebana. Weka mipaka ya chini kwenye K2:K6, kuanzia 0 kwenda juu, na majina ya madaraja kwenye L2:L6. Alama ya mwisho ikiwa B8:

```
=LOOKUP(ROUND(B8,2),$K$2:$K$6,$L$2:$L$6)
```

Hiyo `ROUND` ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Seli ikipangwa ionyeshe desimali moja, mtu mwenye 3.46 ataona 3.5 na pembeni yake neno Wastani, na atakuja ofisini na karatasi mkononi akidai daraja lake. Amueni mapema mtakadiria kwa desimali ngapi. Alama inayoonyeshwa na ile inayotafutiwa daraja ziwe kitu kimoja.

## Njia ya kwanza: meneja peke yake

Alama inafuata nini. Kwa kawaida hufuata kazi jinsi meneja alivyoiona. A anapata 3.8, B anapata 3.3, na kujipunja au kujikweza hakumwongezei wala kumpunguzia mtu. Kuna mlango wa nyuma, hata hivyo. Meneja akisoma alama za mtumishi kabla hajatoa zake, zinamvuta. Aliyeona 5 ya B hupata ugumu kuandika 3, na aliyeona 3 ya A hujiuliza kama 4 yake si upendeleo. Basi kujipima kumeshaingia kwenye alama, ila kwa kiasi ambacho hakuna anayekijua. Ukichagua njia hii, kila mmoja ajaze faili yake, na afisa rasilimali watu aziunganishe baada ya zote mbili kufika. Kuficha safu tu hakutoshi, kwa sababu kuifichua ni suala la kubofya mara mbili.

Daraja. A yuko Vizuri, B yuko Wastani. Hakuna anayevuka mpaka kwa sababu ya alama alizojipa, lakini pia hakuna anayevuka kwa sababu meneja alipitiwa na jambo. Njia hii haina pa kurekebishia zaidi ya rufaa.

Jedwali. Ndilo jepesi kuliko yote. Alama ya mwisho ni C6. Safu ya kujipima inabaki kwa ajili ya safu moja ya tofauti, `=D2-C2`, ambayo meneja huipitia kabla ya kikao ili ajue maneno yataanzia wapi. Hakuna cha kuharibika zaidi ya uzito usiofika 100%, na hilo huonekana kwa kuweka jumla ya safu B chini yake.

Inamfaa nani. Ofisi ambayo meneja huiona kazi kwa macho yake, au ina rekodi za matokeo zisizobishaniwa. Pia mahali ambapo daraja linaamua nyongeza ya mshahara moja kwa moja. Haiendi vizuri pale meneja mmoja ana watu wengi walio mbali naye, maana mtumishi ndiye mwenye habari na habari hiyo haina pa kuingilia. Vilevile watumishi huacha kujipima kwa makini wakishajua kwamba haihesabiwi. Utapokea safu za 4 mtupu.

## Njia ya pili: kuchanganya kwa asilimia

Hii ndiyo inayopendwa kwa sababu inasikika kuwa ya haki. Kila mtu amesema, kila mtu amehesabiwa. Ndiyo pia inayohitaji kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi.

Alama inafuata nini. Inafuata kazi na inafuata tabia, kwa kiwango ulichoweka mwenyewe. Angalia kinachowapata wawili wetu asilimia ya kujipima ikipanda:

| Sehemu ya kujipima | A | B |
|---|---|---|
| 0% | 3.80 | 3.30 |
| 10% | 3.73 | 3.43 |
| 20% | 3.66 | 3.56 |
| 25% | 3.63 | 3.63 |
| 30% | 3.59 | 3.69 |

Kwa 10% hakuna kilichobadilika kwenye madaraja. Kwa 20% B amevuka 3.5 na yuko daraja moja na A. Kwa 25% wamelingana. Kwa 30% B amempita A, ingawa meneja wao yuleyule alimpa A nusu alama zaidi. Kati ya mistari hiyo kazi haikubadilika hata chembe. Kwa hiyo 20 au 30 isichaguliwe kwa mazoea. Chukua alama za mwaka uliopita, zipitishe kwenye asilimia mbalimbali, na uhesabu ni wangapi wanabadilisha daraja. Wakiwa wengi, jiulize kama ndivyo ulivyokusudia.

Daraja. Kuna athari ya pili, na hii haionekani kwa kutazama mtu mmojammoja. Watu wakishajua kwamba kujipima kunahesabiwa, mwaka wa pili wengi hujipa 5 kila mahali, na wala si ujanja mbaya, ni hesabu. Sasa kila mmoja anaingia na 1.0 mkononi (5 mara 20%), na meneja amebaki na nafasi ya kuanzia 0.8 hadi 4.0 ya kuwatofautisha. Mtumishi ambaye meneja amempa 1 kwenye kila kigezo anapata 1.8. Daraja la Hafifu limefutika bila mtu kulifuta, na aliyepewa 3 mtupu anapata 3.4, hatua ndogo tu kabla ya Vizuri. Anayeumia katika mazingira hayo ni yule mkweli aliyejipa 3.

Dalili za hali hii ni rahisi kupima. Chukua wastani wa alama za kujipima za ofisi nzima na uulinganishe na wa mwaka uliotangulia. Ukiona umepanda sana huku wa mameneja umetulia, na tofauti kati ya mtumishi na mtumishi kwenye safu ya kujipima imekaribia sifuri, safu hiyo haipimi tena kitu. Mipaka ya madaraja inabidi ipangwe upya, au asilimia ishushwe.

Jedwali. Asilimia ziwe kwenye seli zake, tuseme H1 kwa meneja na H2 kwa kujipima, zisizikwe ndani ya fomula. Mtumishi asipojaza kabisa, fomula ya jumla kwenye D6 itatoa `#DIV/0!`. Anayejaribu kuiziba kwa `IFERROR` yenye sifuri anatengeneza balaa kubwa zaidi, kwa sababu 3.8 ya A itazidishwa kwa 80% na kuwa 3.04, na daraja lake litashuka kwa sababu ya fomu iliyochelewa. Andika hivi:

```
=IF(COUNT(D2:D5)=0,C6,$H$1*C6+$H$2*D6)
```

Yaani asiyejipima anabaki na alama ya meneja. Huo ni uamuzi wa sera, kwa hiyo uandikwe kwenye maelekezo ya tathmini na watumishi wausome kabla ya kujaza.

Inamfaa nani. Mahali ambapo mtumishi kweli anaijua kazi yake kuliko anayempima, kama wataalamu wanaofanya kazi mbali na ofisi, na ambapo daraja linatumika kupanga mafunzo zaidi ya kugawa fedha. Inasaidia pia timu iliyozoea kujipima kwa vielelezo, kila alama ikiwa na maelezo ya nini kinaifanya iwe 3 na nini kinaifanya iwe 4. Kama fomu inasema tu kwamba 4 ni nzuri sana, kila mtu atakuwa na 4 yake.

## Njia ya tatu: kukubaliana pale mnapotofautiana

Alama inafuata nini. Inafuata ushahidi, ikiwa ushahidi utaletwa mezani. Jambo la kwanza ni kuamua tofauti ipi inastahili kikao. Kanuni inayokuja haraka ni tofauti ya alama 2 au zaidi. Tatizo lake ni kwamba haijali uzito: tofauti ya 2 kwenye Kutunza muda inagusa jumla kwa 0.2, wakati tofauti ya 1 kwenye Malengo inaigusa kwa 0.4. Ni afadhali kupima tofauti ikiwa imeshazidishwa kwa uzito. Tukiweka kizingiti cha 0.4, kwa B kigezo cha Malengo kinaitwa kikaoni, kwa 0.8. Kwa A pia Malengo yanaitwa kikaoni, kwa 0.4, jambo ambalo kanuni ya alama 2 ingelipita kimya. Anayejipunja naye anahitaji kusikia kwa nini meneja anamwona juu zaidi.

Tuseme wameketi. A alijipa 3 kwa sababu lengo moja lilichelewa. Meneja anamwonyesha kwamba liliingia ndani ya muda ulioongezwa rasmi, na 4 inabaki. B anadai 5. Wanafungua orodha ya malengo na kukuta moja ambalo meneja alilihesabu kuwa halikufikiwa lilisitishwa na uongozi katikati ya mwaka. Jingine kweli halikufikiwa. Wanakubaliana 4. Jumla ya B inakuwa 3.7.

Daraja. B amevuka kwenda Vizuri, na A amebaki na 3.8 yake. Ukilinganisha na njia ya pili kwa 30%, B ana alama ileile karibu kabisa, 3.69 na 3.7. Tofauti ni kwamba hapa kuna sababu inayosomeka, na A hakupunguziwa chochote kwa kuwa mnyenyekevu.

Ila tazama tena ile 4. Iko katikati kabisa ya 3 na 5. Meneja asiyependa mabishano angeifikia bila kufungua faili yoyote, kwa kugawana tu. Huwezi kujua kwa alama moja, lakini kwa alama za ofisi nzima utajua: kama makubaliano ya meneja fulani karibu yote yako katikati, na safu yake ya sababu imejaa maneno kama "tumekubaliana", basi anaendesha mchanganyiko wa 50 kwa 50 kwa jina lingine. Huo ni mkubwa kuliko wowote ambao ofisi ingeuidhinisha.

Jedwali. Ndilo zito kuliko yote. Safu F inaita kikao, G inapokea alama iliyokubaliwa, H inabeba sababu, na E inachukua alama ya mwisho ya kila kigezo:

```
F2: =IF(ROUND(ABS(D2-C2)*B2,2)>=0.4,"Jadili","")
E2: =IF(G2="",C2,G2)
```

Jumla isitoke kabla vikao havijaisha:

```
=IF(COUNTIFS(F2:F5,"Jadili",G2:G5,"")>0,"Bado",SUMPRODUCT(B2:B5,E2:E5)/SUMIF(E2:E5,">0",B2:B5))
```

Ikisema "Bado", seli ya daraja itatoa kosa, na hapo ni sawa itoe. Pia andikeni wazi nani anaamua wasipokubaliana. Kwa kawaida ni msimamizi wa meneja, na alama yake ndiyo inayoingia G. Sharti hilo likikosekana, faili zitabaki na "Bado" hadi mwaka mwingine.

Inamfaa nani. Timu ambayo meneja mmoja ana watu wachache kiasi cha kuweza kuketi na kila mmoja kwa utulivu, na ambako malengo yaliandikwa mwanzoni mwa kipindi. Kama malengo hayakuandikwa, hakuna ushahidi wa kufungua, na anayejua kuongea ndiye atakayeondoka na alama.

## Kulingana na hali yako

Kama ndiyo mara ya kwanza ofisi yenu kutumia jedwali la namna hii, na daraja linagusa mshahara, anzeni na njia ya kwanza huku mkikusanya alama za kujipima kwenye faili tofauti. Mwaka ukiisha mtakuwa na takwimu zenu wenyewe za kujaribu asilimia.

Kama uongozi umeshaamua kwamba lazima kujipima kuhesabiwe na hakuna muda wa vikao, tumieni mchanganyiko, lakini asilimia iwe ndogo. Mimi nisingepita 10 bila kufanya jaribio lile la madaraja kwanza. Na wastani wa safu ya kujipima upimwe kila mwaka.

Kama malalamiko yenu ni ya watumishi wanaosema meneja hajui wanachofanya, wala si kwamba alama ni ndogo, njia ya tatu ndiyo inayogusa lalamiko hilo. Mkiona vikao vinavyoitwa ni vingi kuliko mameneja wanavyoweza kufanya, pandisheni kizingiti kutoka 0.4 hadi 0.6 kabla ya kuiacha njia yenyewe. Kwa uzito wetu wa mfano, hapo tofauti ya alama moja haitaita tena kikao, ya alama mbili kwenye Ubora wa kazi itaita, na kwa Ushirikiano itabidi ifike tatu.

Na kama shida yenu ni kwamba meneja mmoja hutoa 5 kwa wote na mwingine hatoi zaidi ya 3, hakuna kati ya hizi tatu inayolitibu hilo. Mameneja waketi pamoja na kulinganisha alama za watu wao kabla madaraja hayajatangazwa, kwa njia yoyote mliyoichagua.